Pampu ya nusu hospawa imeungua, nataka kuisuka: nirekodi nini kabla ya kung'oa waya?

KisimaKirefu:
Wakuu, habari za jioni. Nina mota ya pampu ya maji, fezi moja, nusu hospawa, mizunguko 2850 kwa dakika, kapasita ya 10 maikrofaradi. Imeungua, waya nyeusi upande mmoja. Feni za dari nimeshasuka, hii ni mara ya kwanza. Stata ina sloti 24. Raningi inaruka 1 kwa 12, 2 kwa 11, 3 kwa 10, 4 kwa 9, kisha hivyo hivyo upande wa pili. Statingi imekaa sloti zilizobaki. Nimekata koili kubwa kichwani nikahesabu nyaya 152, na maikromita inasoma 0.45 baada ya kutoa vanishi. Ning'oe zote sasa?

ChapChap:
Hesabu hiyo inatosha. Washa mkaa, tumbukiza stata, waya zitatoka zenyewe. Na ukikosa 0.45 weka nene kidogo, waya mnene hauungui.

MzeeWaStata:
Kisima, usiing'oe kwanza. Nyaya 152 za 0.45 kwenye sloti moja ya raningi ya nusu hospawa zinanitia shaka. Mimi naona ni raundi 76 zilizosukwa kwa waya mbili kwa pamoja. Angalia ncha ya koili pale inapoungwa kwenye kebo, na pale inaporuka kwenda koili inayofuata. Ukikuta ncha mbili zimesokotwa pamoja, gawa hesabu yako kwa mbili. Usipime kwa mita, maana waya zimeungua na zimegusana, itakudanganya.

Ukisuka raundi 152 za waya mmoja, sumaku itabaki kama nusu na nguvu ya kuzungusha kama robo. Ukiiwasha bila mzigo itazunguka vizuri tu na utafurahi. Ukiifunga kwenye pampu, maji hayapandi.

Halafu koili moja haitoshi. Kata kundi zima la koili nne uhesabu kila moja, kwa sababu za ndani mara nyingi zina raundi chache. Statingi nayo ina waya wake na hesabu yake. Piga alama sloti namba 1 kwa senta panchi, na uandike kebo inatokea upande gani.

MamaKuku:
Jamani na mimi blenda yangu inatoa cheche na harufu ya kuungua. Nayo inasukwa hivyo hivyo?

MzeeWaStata:
Mama, blenda ina brashi, ni mota ya aina nyingine. Angalia kwanza kama brashi zimeisha. Fungua uzi wako tutakusaidia.

ChapChap:
Mzee, miaka yote tunachoma na mota zinafanya kazi.

MzeeWaStata:
Zinafanya kazi zikiwa za moto. Kati ya bati na bati la stata kuna vanishi. Ukiiunguza, chuma chenyewe kinapata joto hata bila mzigo. Tena bodi ya hiyo pampu ikiwa ya aluminiamu, stata inalegea ndani yake. Akate vichwa vya upande mmoja kwa patasi, avute upande wa pili.

Kuhusu unene, uko sahihi nusu. Shaba nyingi ni nzuri kama sloti inaipokea. Waya mbili za 0.45 ni sawa na mmoja wa 0.63. Ukiweka 0.71 umeongeza karibu robo ya shaba. Utagongagonga mpaka karatasi ipasuke, na mota inapiga shoti kwenye bodi.

JiraniWaNamanga:
Huku kwetu Kenya ningeuliza kwanza iliungua kwa nini. Nyeusi upande mmoja mara nyingi ni raundi kugusana. Kama pampu ilikwama au kapasita ilikufa, raningi yote ingekuwa nyeusi.

KisimaKirefu:
Shikamoo Mzee. Ni kweli, ncha ni mbili zimesokotwa. Nimekata kundi zima: 76, 72, 62, 46 kuanzia koili kubwa. Shida sasa, kiungo kati ya makundi mawili ya raningi kimeungua kabisa, sijui ncha ipi iliungwa na ipi.

MzeeWaStata:
Marahaba. Makundi mawili, poli mbili: kama umeyasuka yote kwa mwelekeo mmoja, mwisho wa la kwanza unaungwa na mwisho wa la pili, na mianzo miwili inaenda kwenye umeme. Ukiunga mwisho na mwanzo, mota itanguruma bila kuzunguka na waya zitachemka haraka. Kabla ya vanishi, rota ikiwa nje, gusisha betri ya volti 12 kwa muda mfupi na upitishe dira ndani ya stata. Kundi moja livute kaskazini ya sindano, la pili livute kusini.

JiraniWaNamanga:
Na ikizunguka kinyume, ageuze ncha za statingi tu. Ila bado nasema afungue pampu aone beringi.

ChapChap:
Dira nitapata wapi mimi? Huwa naunga, nawasha, nasikiliza.