Tupeane uzoefu: swali la nguvu za ushindani lilivyokukuta kwenye mtihani

Mpenda Mkakati: Assalaam alaykum wana jamvi. Mdogo wangu yuko sebuleni anakariri nguvu tano za Porter za kupima ushindani katika sekta, nikakumbuka karatasi yetu ya mkakati wa biashara. Tuliambiwa tuchanganue ushindani katika kilimo cha mwani Zanzibar. Tulitoka nje tunabishana: mkulima ni muuzaji wa malighafi, au ndiye sekta yenyewe? Nyie lilikukuteni vipi?

Binti wa Paje: Wa alaykum salaam. Umenigusa, maana mama yangu analima mwani na nilikuwapo siku ambayo siisahau. Bamvua linamalizika, wanawake wamepanga magunia kituoni, karani wa kampuni kashika mizani, anasema bei imeshuka kuanzia leo. Hakuna hata mmoja aliyerudi na gunia lake nyumbani. Kamba za kampuni, taitai za kufungia mwani za kampuni, hata mbegu ya kwanza waliitoa wao, kwa sharti kwamba mwani urudi kwao. Na kijijini hapakuwa na mnunuzi mwengine.

Mtihani ulipokuja, wengi waliandika kwamba nguvu ya wauzaji wa pembejeo ni ndogo kwa kuwa kamba ni rahisi. Mimi niliandika ni kubwa, kwa sababu nguvu ile haitoki kwenye bei ya kamba, inatoka kwenye sharti. Mtu mmoja kasimama kama muuzaji na kama mnunuzi, ukimtenga kila upande peke yake humuoni. Na msiniambie mwani mkavu unakaa, kwa hiyo mkulima angengoja bei ipande. Mvua za masika zikiupata gunia linavuta unyevu, na ada ya skuli haingoji.

Mzee wa Wete: Kweli kabisa mwanangu. Sisi wa karafuu ndiyo usiseme, kisheria tunauza ZSTC tu, shirika la biashara la serikali. Hapo mnunuzi mpya amezuiwa na sheria yenyewe.

Sultani: Mmesahau bidhaa mbadala. Mwani wa Indonesia na Ufilipino ndio mbadala wetu, na ndio unaotuua.

Mwalimu wa Chwaka: Hapana kaka, hapo alama zinapotea. Wale wanauza kitu kile kile, ni washindani wa ndani ya sekta. Mbadala ni kitu kingine kinachofanya kazi ile ile. Kiwanda kinataka karajinani, ute unaotolewa kwenye mwani, ili kugandisha maziwa au kuzuia mchuzi usitengane. Kama kinaweza kutumia jelatini, pektini au wanga, hivyo ndivyo mbadala.

Sultani: Lakini swali limesema Zanzibar! Indonesia iko nje.

Mwalimu wa Chwaka: Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya jibu iseme mpaka wako ni upi. Ukichora mpaka Zanzibar tu, hutaeleza kwa nini bei ya Paje inafuata soko la Asia.

Sultani: Sawa, na mwani aina ya kotonii je? Ni mbadala wa aina ya spinosamu, au ni bidhaa nyingine kabisa? Kotonii inatoa jeli ngumu, spinosamu laini, kiwanda hakiwezi kubadilisha tu.

Mwalimu wa Chwaka: Hapo nakubali, pana mjadala.

Fundi wa Chake: Naombeni, taitai za jumla zinapatikana wapi hapa Chake? Nataka kuanza.

Binti wa Paje: Kaka, huu ni mtihani, si soko. Ila umetuletea nguvu ya mgeni anayeingia kwenye sekta! Tangu mwani uanze kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989 kuingia kumekuwa kwepesi: vigingi, kamba, na ufuo ulio karibu. Bei ikipanda leo, msimu ujao ufuo umejaa watu.

Shoga wa Jambiani: Si kwa kotonii, mwenzangu. Inakufa kwenye maji ya joto ya ufukweni, inabidi uende maji ya kina, na hapo unahitaji mtumbwi na uogelee. Wengi wetu hatukuwahi kufundishwa kuogelea. Hicho nacho ni kizuizi, andikeni.

Na msisahau sabuni ya mwani. Wakulima wakitengeneza wenyewe, mnunuzi ataogopa.

Mwalimu wa Chwaka: Ataogopa kama sabuni itameza mzigo. Mche mmoja wa sabuni unachukua unga kidogo tu, na kijiji kinavuna magunia kwa magunia. Andika tishio ni dogo, ueleze kwa nini.

Shoga wa Jambiani: Kikundi chetu kinauza sabuni kwa watalii, na karani anajua hatumtegemei yeye peke yake. Mimi ningeandika la wastani.

Binti wa Paje: Msahihishaji wetu alitaka "kubwa" au "ndogo" kwa kila nguvu.

Mpenda Mkakati: Wetu alitaka sababu tu. Mdogo wangu anauliza: kampuni aiweke kwenye nguvu ya wauzaji au ya wanunuzi?

Binti wa Paje: Zote mbili, na aseme ni mtu yule yule.

Sultani: Mimi ningeiweka kwa wanunuzi tu. Muda hautoshi.