Maoni 6,000 ya video za chapati: K-Means, NMF au kuhesabu maneno tu?

jikoni_tanga: Habari wakuu. Nimepakua maoni yote ya chaneli yangu, nataka kujua watu wanalalamikia nini ili nipange video tano zijazo. Nimejaribu TF-IDF na K-Means, mafungu 10. Fungu moja limemeza karibu nusu ya maoni, nalo ni "asante dada", "ubarikiwe", "mashallah". Nipunguze mafungu au niongeze?

Kibe: Tumia LDA, ndiyo kazi yake.

mzee_wa_takwimu: Kibe, LDA inategemea maneno yanayokutana ndani ya andiko moja. Komenti ya maneno manne haina cha kukutanisha. Kwa makala ndefu ningekuunga mkono.

Jikoni, idadi si tatizo lako la kwanza. K-Means lazima impe kila mtu kiti, hata asiye na hoja, kwa hiyo shukrani zitoe kabla hujaanza. Baki na maoni yenye alama ya kuuliza au maneno kama "mbona", "kwa nini", "yangu", "zangu".

Tatizo la pili ni viambishi. "Imekakamaa", "zinakakamaa" na "zilikakamaa" kwa kompyuta ni maneno matatu yasiyojuana. Kata vipande vya herufi badala ya maneno:

```
TfidfVectorizer(analyzer="char_wb",
                ngram_range=(3, 5), min_df=10)
NMF(n_components=12)
```

Kipande "kakam" kitayakutanisha yote matatu, na hata aliyeandika "zinakakama" kwa haraka hapotei. NMF naipenda kwa sababu komenti moja inaweza kugusa mada mbili: chapati ngumu *na* unga wa aina gani.

ShangaziRehema: Mimi wananitukana kwenye maoni, hii inaweza kuwafungia?

mzee_wa_takwimu: Hapana shangazi, hii inapanga tu. Kufungia ni kwenye mipangilio ya chaneli.

jikoni_tanga: Nimerudi. Baada ya kuchuja yamebaki 1,740. Fungu la "ngumu/kakamaa" limejitokeza safi, na la "mafuta mengi". Ila kuna fungu la ajabu, "unga" limechanganyika na "kuungua" na "kuunganisha".

mzee_wa_takwimu: Ndiyo gharama ya vipande vya herufi, havijui maana. Soma komenti 20 za juu kwa kila fungu. Ukishindwa kulipa jina fungu, lisikupe video.

Kibe: Basi kwa maoni 1,740 si aorodheshe maneno 30 na kuhesabu kwa Excel? Atamaliza leo.

mzee_wa_takwimu: Atapata anachokijua tayari. Asichokijua hakimo kwenye orodha yake.

jikoni_tanga: Kweli, maana kuna fungu dogo la watu 46 wanaouliza kama wanaweza kulaza donge kwenye friji usiku kucha. Hilo nisingeliandika kwenye orodha. Lakini "ngumu" wako 310. Naanza na lipi?

Kibe: 310, hesabu iko wazi.

mzee_wa_takwimu: Angalia kwanza kama hao 310 hawajauliza chini ya video uliyokwisha kujibu humo humo.