Barua ya kuomba kazi Uingereza: suala la usajili naliandikaje?

Neema, Moshi
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba kazi ya uuguzi hospitali za Uingereza. Nina stashahada, nipo wodi ya upasuaji hapa Moshi. Mtihani wa kompyuta wa NMC, baraza la wauguzi la Uingereza, nimefaulu; ule wa vitendo, OSCE, bado. Barua yangu inaanza hivi: "Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa." Imekaa sawa?

Godlisten, Arusha
Imekaa sawa kabisa, dada. Si una leseni? Ukianza kueleza hiki bado, kile bado, watakuona hujakamilika. Ila stashahada usiitaje sana, kule wanataka digrii.

Mama Upendo, Birmingham
Godlisten, kusajiliwa amesajiliwa, lakini Tanzania. Huku cheo hicho kinalindwa na sheria, hujiiti hivyo kama hauko kwenye rejista ya NMC. Msomaji wa barua atatafuta namba yako ya NMC, asiione, na hapo utaonekana mwongo hata kama hukukusudia. Digrii nayo si sharti, na stashahada itajwe wazi.

Neema mwanangu, mimi ningeandika hivi:

"Nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na leseni yangu iko hai. Sijaingia bado kwenye rejista ya NMC. Mtihani wa kompyuta nilifaulu mwezi Machi. Kwenye mtihani wa Kiingereza wa OET nina B ya kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+ ya kuandika. Imebaki OSCE, ambayo ningependa kuifanya nikiwa nimeajiriwa kwenu. Ninaomba mwenyewe, si kupitia wakala."

Sentensi ya mwisho usiifute. Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo waajiri wa huku hawatakiwi kuja kutafuta watu huko. Muuguzi akiomba mwenyewe, hilo linaruhusiwa. Mwezi wa mtihani nao uache, maana matokeo yale yana ukomo.

Mushi, Stuttgart
Mimi walining'ang'ania Kijerumani cha B2. Neema, anza lugha leo!

Mama Upendo, Birmingham
Shemeji, mtoto anaenda Uingereza.

Neema, Moshi
Asante sana mama. Na mshahara wa kabla ya OSCE? Halafu cheti cha chuo kina jina la baba, leseni ina jina la mume.

Mama Upendo, Birmingham
NHS kwa kawaida wanakuanzia Bendi 4, ukishaingia kwenye rejista unapanda Bendi 5. Majina yote mawili yataje kwa mstari mmoja, uambatishe cheti cha ndoa.

Godlisten, Arusha
La majina mimi ningeliacha kwenye fomu. Barua ikijaa maelezo ya ndoa, mahali pa kusema anafanya nini wodini patabaki wapi?

Mama Upendo, Birmingham
Mstari mmoja tu, Godlisten. Fomu wanaisoma wengine.