Re: Ushuru wa stempu wa duka Mombasa, shilingi 86,400 ni sawa?

Asha, Leeds:
Salaam wote. Tunakodi duka Mombasa kwa miaka 6, kodi 60,000 kwa mwezi bila kupanda. Wakili wa mwenye duka anadai ushuru wa stempu 86,400 kabla ya Ijumaa. Nilipe?

Bakari, Doha:
Subiri kwanza. Mombasa ni mjini, na mjini ni asilimia 4. Tuma thamani ya duka nikupigie hesabu.

Mzee Juma, Toronto:
Bakari, hiyo 4 ni ya kuhamisha umiliki mjini. Mashambani ni 2. Mkataba wa kukodi hautazami thamani ya jengo, hutazama kodi ya mwaka mmoja. Muda usiozidi miaka 3 ni asilimia 1, ukizidi ni 2.

Dada Asha, 60,000 mara 12 ni 720,000. Asilimia 2 yake ni 14,400. Hiyo 86,400 ni 14,400 mara 6 kamili, kwa hiyo nashuku wakili amejumlisha kodi ya miaka yote. Lakini usimrukie bado. Kama mkataba unataja kilemba, yaani malipo ya mkupuo ya mwanzo kando na kodi, hicho hutozwa kama mauzo, na kilemba cha 1,800,000 kwa asilimia 4 ni 72,000. Ukiongeza 14,400 unafika palepale 86,400. Soma kifungu cha malipo ya mwanzo, kisha mwombe hesabu kwa maandishi.

Mwanaidi, Muscat:
Samahani kuingilia. Mimi nimenunua kiwanja Kilifi kwa milioni 2, lakini ushuru umepigwa juu ya milioni 2.6. Hiyo nayo ni wizi?

Mzee Juma:
Si lazima, mwanangu. Kwenye mauzo, mthamini wa serikali akipata bei kubwa kuliko mliyoandika, hutozwa kwa ile kubwa. Omba ripoti yake, utazame nambari ya kiwanja na ukubwa wake. Uliza pia kama kimehesabiwa cha mjini: asilimia 4 ya milioni 2.6 ni 104,000, ilhali 2 ni 52,000.

Asha:
Nimesoma mkataba wote, kilemba hakimo. Ila kuna ada ya huduma 8,000 kwa mwezi, kando na kodi. Nayo inaingia? Na hiyo Ijumaa?

Bakari:
Ada ya huduma si kodi. Iache.

Mzee Juma:
Inategemea mkataba umeiandika vipi. Ikiwa ndani ya kifungu cha kodi, anaweza kuihesabu, na ushuru ungekuwa 16,320. Hata hivyo haufiki 86,400.

Muda ni siku 30 tangu kutia sahihi. Kama ulitia sahihi Leeds, siku hizo huanza mkataba ulipofika Kenya mara ya kwanza, kwa hiyo tunza risiti ya kusafirisha. Ukichelewa kuna adhabu, basi usikalie jambo hili. Mwandikie wakili leo, na udai hati ya malipo ya KRA yenye nambari yake. Pesa ziende KRA kwa nambari hiyo, si kwenye simu ya mtu.

Asha:
Nimemwandikia. Anasema "ndivyo tunavyohesabu siku zote". Hati ya malipo hajatuma.