Nikiongeza 50,000 kila mwezi kwenye mkopo, nitaokoa riba kiasi gani?

Nesi wa Masasi
Wakuu, habari za jioni. Nina mkopo wa benki, ndio kwanza naanza kuulipa: milioni 8, riba asilimia 18 kwa mwaka, miezi 48, rejesho 235,000. Jumla nitalipa 11,280,000, kwa hiyo riba peke yake ni 3,280,000. Genge langu hapa Masasi linaniachia kama hamsini elfu kwa mwezi. Nikiiweka juu ya rejesho, riba itapungua kwa kiasi gani? Afisa mikopo kaniambia tu nitamaliza mapema, namba hana.

Chuno Boy
Dada, hiyo nyepesi. 11,280,000 gawa kwa 285,000, unapata miezi 39 na ushee. Utamaliza mapema kweli, ila riba ni ileile, ulishasaini.

Mhasibu Lindi
Chuno, hiyo ingekuwa kweli kama riba ilipigwa mara moja juu ya milioni 8 yote. Lakini ingekuwa hivyo, asilimia 18 kwa miaka minne ni 5,760,000, na rejesho lingekaribia 287,000. Yeye analipa 235,000, maana yake riba inapigwa kwenye salio lililobaki, asilimia 1.5 kila mwezi.

Dada, angalia mwezi wa kwanza. Riba ni 120,000. Ukilipa 235,000, deni linashuka kwa 115,000 na kubaki 7,885,000. Ukilipa 285,000, linabaki 7,835,000. Mwezi wa pili riba ni 118,275 kwa njia ya kwanza, na 117,525 kwa njia ya pili. Tofauti ni 750 tu, unaweza kuicheka. Ila hiyo 750 nayo inaingia kupunguza deni, na mwezi unaofuata unaongeza hamsini nyingine. Ukiendelea hivyo unamaliza mwezi wa 37, na rejesho la mwisho ni kama 202,000 tu. Riba yote inakuwa karibu 2,462,000. Umeokoa kama 818,000 na miezi 11.

Mwenye kompyuta aandike hivi kwenye Excel:

```
=NPER(1.5%,-285000,8000000)
```

Inatoa 36.7. Zidisha kwa 285,000, toa milioni 8, kinachobaki ni riba. Benki ikipiga riba kwa siku, namba zitasogea kidogo.

Mkulima Newala
Mimi mshahara sina, hela yangu naiona korosho zikishauzwa mnadani. Kwani nikipeleka 600,000 mara moja kwa mwaka si sawa na hamsini hamsini?

Mhasibu Lindi
Si sawa, kaka. Kwa mkopo kama huu wa dada, hamsini za miezi 12 zinakuwa zimelipunguza deni kwa kama 652,000 kufikia mwezi wa 12. Wewe ukileta 600,000 siku hiyo, uko nyuma kwa 52,000. Lakini kama hela inakuja mara moja, ilete hivyohivyo, bado inapunguza. Usiende kukopa pengine ili ulipe kila mwezi.

Mama Mikindani
Mie yalinikuta haya. Nilikuwa naongeza kila mwezi, kumbe hela inakaa tu kwenye akaunti inasubiri rejesho linalofuata. Deni halikushuka hata shilingi.

Mhasibu Lindi
Hapo ndipo penyewe, mama. Dada, kabla ya kuanza peleka barua: ziada ipunguze msingi wa mkopo, rejesho libaki 235,000 na muda ufupishwe. Wakishusha rejesho na kuacha muda uleule, utaokoa kidogo tu, labda uendelee kulipa 285,000 mwenyewe. Halafu mwezi wa pili omba taarifa ya mkopo, tazama mstari wa riba. Ukikuta 118,275, hamsini yako haijafika kwenye deni. Soma na mkataba, kuna wanaotoza ada ukilipa kabla ya muda. Itoe kwenye ile 818,000 uone kinachobaki.

Chuno Boy
Sawa mkuu, kwenye riba nimekubali. Lakini hamsini ikibaki kwenye genge inazaa zaidi ya 750 kwa mwezi. Nyanya tenga moja tu, faida yake hiyo ameshaipita.

Mama Mikindani
Nyanya zikioza je?

Nesi wa Masasi
Genge halihitaji mtaji zaidi, wateja ndio walewale. Ila nimefungua mkataba sasa hivi, kuna kifungu cha ada ya asilimia 2 "ya kiasi kitakacholipwa kabla ya muda". Hiyo ni ya hamsini yangu ya kila mwezi, au ni siku ya kufunga mkopo wote?

Mhasibu Lindi
Kwa maneno hayo inasomeka njia zote mbili. Ikiwa ni ya hamsini, ni 1,000 kila mwezi, kwa miezi 36 ni 36,000, bado inalipa kuendelea. Waandikie, wakujibu kwa maandishi.