Swichi imekufa, wananiomba siriali namba iliyo ndani ya kabati ambalo ufunguo wanao wao!!

Mleta uzi: Wakuu, nina hasira. Yule jamaa wa kitengo cha TEHAMA mnamjua, kila ofisi hapa Mtumba ina wake. Ijumaa saa 8:40 mchana swichi ya mtandao ya ghorofa ya uhasibu imekata roho. Nikapiga simu dawati la huduma, tiketi ikafunguliwa daraja la pili: kujibu ndani ya dakika 30, kutatua ndani ya saa 4 za kazi. Saa 8:52 wakajibu "tumepokea". Saa 8:55 likaja ombi: "Tafadhali tuma siriali namba ya swichi." Wakuu! Swichi iko ndani ya kabati, kabati lina kufuli, na ufunguo unaning'inia kiunoni kwake kama wa mke mkubwa wa stoo! Tiketi ikageuzwa "Inasubiri Mtumiaji", saa ya kuhesabu muda wao ikasimama. Nimejibu Jumatatu saa 4:00 asubuhi, saa 5:30 swichi mpya imefungwa. Leo ripoti inasema imetatuliwa kwa saa 1 na dakika 45, "makubaliano yamezingatiwa". Siriali namba! Ndani ya kabati lake!

Zuzu Stesheni: Ngoja waje wataalamu. Ila mkuu, Ijumaa yote hukujibu ulikuwa wapi, Msalato unawahi nyama ya Jumamosi?

Mleta uzi: Ombi walilituma kwa barua pepe ya ofisi. Mtandao ndio umekufa. Ningeisoma kwa tochi?

Fundi Waya: Hahaha. Mimi ni wa upande huo mnaoutukana, ila hapa mleta uzi ana haki. Hesabu iko hivi. Kazi ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, kwa hiyo Ijumaa zilikuwepo dakika 50. Jumatatu kutoka 1:30 hadi 5:30 ni saa 4. Jumla saa 4 na dakika 50, wamepitiliza kwa dakika 50. Kilichoiokoa ripoti ni kule kusimamisha saa, maana zimehesabiwa dakika 15 za Ijumaa na saa moja na nusu ya Jumatatu, basi. Na ubaya wake mkubwa hauko kwenye ripoti. Mifumo mingi hupandisha tiketi kwa msimamizi muda unapofika robo tatu. Kwa saa 4 hiyo ni saa 3, yaani Jumatatu saa 3:40 asubuhi msimamizi angepata ujumbe. Saa ikisimama, hakuna anayepigiwa kengele. Tiketi inalala, na bosi anaona kijani.

Bi Salio: Swichi ya ghorofa nzima ni daraja la kwanza, si la pili. Wangetatua ndani ya saa moja, mkataba umevunjwa, wakatwe fedha!

Fundi Waya: Nusu yako kweli, dada. Daraja linatokana na watu wangapi wameguswa pamoja na kazi inaweza kusubiri kiasi gani. Uhasibu wiki ya mwisho ya Juni, mwaka wa fedha unafungwa, hata mimi ningeweka la kwanza. Ijumaa ya kawaida hapo tutabishana. Kukata fedha sahau, haya ni makubaliano ya ndani, idara haiwezi kuitoza faini idara mwenzake. Dawa ni kuandika sharti: saa isimame tu pale taarifa inayotakiwa iko mikononi mwa mtumiaji peke yake, na ombi lipite njia anayoweza kuipokea. Siriali namba wanazo kwenye rejista ya vifaa.

Mleta uzi: KIUNONI KWAKE wakuu.

Kitochi: Nyie watumiaji nanyi hamna adabu. Mnapiga simu ya mkononi ya fundi saa 2 usiku, tiketi hamfungui, kesho mnadai "nilisema jana". Bila tiketi saa haianzi!

Mama Ntilie wa Nanenane: Afadhali ninyi swichi. Sisi wino wa printa tangu mwezi uliopita, manunuzi wanasema mzabuni ana siku 14.

Fundi Waya: Hilo nalo. Mzabuni akiwa na siku 14, TEHAMA ikaahidi siku 2, ahadi imekufa kabla ya kuandikwa. Labda muwe na akiba stoo.

Bi Salio: Akiba ipi, mkuu? Stoo yetu ina makava ya printa matatu na panya.

Zuzu Stesheni: Panya wa stoo hao ndio wanaokula nyaya zetu. Nani mwenye dawa yao? Ile ya kunata haifanyi kazi na vumbi hili la Dodoma.

Kitochi: Paka.

Mama Ntilie wa Nanenane: Paka naye atafunguliwa tiketi?