Tupeane uzoefu: ada ya chuo iliyopotea kati ya benki na benki

Mleta mada: Ndugu zangu, ninasoma Uingereza. Baba alilipa ada yangu ya muhula, dola 4,200, kupitia benki moja ya Mwanza, na fedha zikatoka kwenye akaunti yake siku hiyo hiyo, lakini ofisi ya fedha ya chuo iliendelea kuniandikia kwamba sijalipa na kwamba usajili wangu utasitishwa. Kule Mwanza jibu lilikuwa lile lile: fedha zimekwenda. Mambo yalibadilika baba alipodai nakala ya ujumbe wenyewe wa SWIFT, yaani mtandao ambao benki hutumia kutumiana maagizo ya malipo, badala ya risiti yenye muhuri, kwa sababu ndani yake mna namba inayoitwa UETR, yenye herufi, tarakimu na vistari jumla 36, na namba hiyo haibadiliki hata fedha zikipita benki ngapi njiani. Kwa kuifuata, benki iliona kwamba fedha zilipitia New York, zikakatwa dola 20, kisha zikaingia kwenye akaunti ya chuo. Zilikuwa zimelala huko miongoni mwa malipo yasiyojulikana mwenyewe: jina lililoonekana lilikuwa la baba, na namba yangu ya mwanafunzi, ambayo aliiandika vizuri kwenye fomu, karani hakuiingiza katika ujumbe. Niliwapelekea chuo nakala ile, wakazitambua. Wenzangu, yenu yaliishaje?

Mama wa Kigoma: Pole sana, mwanangu. Mimi nilituma fedha kwa simu zikaenda kwa mtu mwingine, nikapiga huduma kwa wateja mapema, wakazizuia kabla hajazitoa. Nanyi pigeni simu mapema.

Msomi wa Ankara: Ushauri wangu ni kwamba fedha zikichelewa, mzazi aiandikie benki yake izirudishe mara moja, kisha atume upya.

Mstaafu wa benki: Ndugu wa Ankara, hilo linafaa iwapo fedha bado zimekwama njiani. Zikishaingia kwa mpokeaji, hazirudi mpaka yeye mwenyewe aridhie, na zinaporudi hukatwa tena, tena huenda zikabadilishwa kwa kiwango kibaya zaidi. Kwanza ulizeni zimesimama wapi. Mara nyingi benki ya kati, ile ambayo fedha hupitia njiani, huzizuia kwa sababu jina la mtumaji linafanana na la mtu aliyewekewa vikwazo, ikauliza tarehe ya kuzaliwa au sababu ya malipo, na swali hilo likakaa bila kujibiwa katika benki iliyotuma. Mteja haambiwi. Kwa hiyo mzazi aulize waziwazi: je, kuna swali lolote mliloletewa kuhusu malipo haya?

Mleta mada: Ahsante sana, mzee wangu. Bado chuo kinanidai zile dola 20, ilhali baba alichagua gharama zote zilipwe na mtumaji. Benki ya Mwanza inasema makato yalifanywa New York na haihusiki. Je, kuna aliyewahi kurudishiwa makato ya namna hii?